Beseni la dola 2 linafika dukani kwa dola ngapi?

Mteja akituletea hesabu za mzigo wake wa kwanza kutoka nje, mara nyingi tunakuta amefanya hivi: amejumlisha gharama zote, akazigawa kwa bei ya kununulia, akapata asilimia moja, kisha akaipandisha kila bidhaa kwa asilimia hiyohiyo. Jumla inakuwa sahihi kabisa. Bei za dukani ndizo zinazokuwa na makosa.

Chukua mzigo wa mfano wenye bidhaa mbili. Mabeseni ya plastiki 1,000 kwa dola 2 kila moja, na chaja za simu 1,000 kwa dola 4. Ununuzi ni dola 6,000. Mabeseni yanachukua meta 8 za ujazo, chaja meta 2. Msafirishaji anatoza dola 120 kwa kila meta ya ujazo, yaani dola 1,200 kwa mzigo wote. Bima ni dola 60. Ushuru wa forodha tuseme ni asilimia 25 kwa mabeseni na asilimia 10 kwa chaja. Wakala wa forodha, tozo za bandari na gari la kufikisha ghalani vinakula dola 500.

Tugawe kila gharama kwa kile kilichoisababisha. Msafirishaji ametoza nafasi, kwa hiyo mabeseni yanabeba dola 960 za nauli na chaja dola 240. Bima inafuata thamani: dola 20 na dola 40. Hapo mabeseni yamefika bandarini kwa dola 2,980, chaja kwa dola 4,280.

Ushuru mara nyingi haukokotolewi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Katika nchi nyingi hutozwa juu ya bei, nauli na bima kwa pamoja, kwa hiyo nauli ikipanda, ushuru nao unapanda. Mabeseni yanalipa dola 745, chaja dola 428. Zile dola 500 za mwisho nazo tunazigawa kwa ujazo, 400 kwa 100. (Ada ya wakala ambayo haibadiliki kwa ukubwa wa mzigo ungeweza kuigawa kwa thamani, sisi hapa tumerahisisha.)

Jumla: beseni moja limekugharimu dola 4.13, chaja dola 4.81.

Sasa rudi kwenye ile njia ya asilimia moja. Gharama za juu ni dola 2,933, karibu asilimia 49 ya ununuzi. Kwa njia hiyo beseni linaonekana la dola 2.98 na chaja dola 5.96. Ukiongeza faida ya asilimia 30, utauza beseni kwa dola 3.87. Litatoka haraka sana, na kila moja litaondoka na karibu senti 25 zako. Chaja utaziwekea dola 7.74 wakati zingetosha dola 6.25, nazo zitakaa. Ukiona bidhaa kubwa nyepesi zinaisha mbio huku ndogo za thamani zinalala rafuni, anza kwa kuangalia ulivyogawa nauli.

Kodi ya ongezeko la thamani inategemea usajili wako. Aliyesajiliwa kwa kawaida huirejesha, kwa hiyo haiingii kwenye gharama. Asiyesajiliwa aiingize: kwa kiwango cha asilimia 18, ikitozwa juu ya thamani ya bandarini pamoja na ushuru, kila beseni linaongezewa senti 67.

Gawa pia kwa vipande vinavyouzika. Mabeseni 30 yakipasuka njiani, dola zilezile 4,125 zinabebwa na 970, na gharama inakuwa dola 4.25.

Kuhusu fedha za kigeni, kiwango kimoja hakitoshi. Tuseme ulilipa malipo ya awali ya asilimia 30 dola ikiwa 100 kwa fedha yako, na salio ikiwa 104. Kiwango chako cha ununuzi ni 102.8. Forodha nayo inatumia kiwango chake kilichotangazwa, na hicho ndicho cha kukokotolea ushuru. Kwa ununuzi, tumia kiwango ambacho benki ilikuuzia dola, kilichoandikwa kwenye risiti, kisha ongeza makato ya kutuma. Kile cha kwenye mtandao ni cha katikati ya kununua na kuuza tu, hukuuziwa kwa hicho.

Kiwango ulichonunulia kinakuonyesha faida ya mzigo huu. Kupanga bei tunashauri utazame kiwango cha leo, kwa sababu mauzo ya mabeseni haya ndiyo yatakayonunua mengine. Dola ikifika 110 na bei yako imekaa kwenye 102.8, daftari litaonyesha faida, lakini fedha za mauzo zitanunua mabeseni pungufu.

Kabla hujalipa malipo ya awali, tuletee ankara ya muuzaji, vipimo vya maboksi na namba ya ushuru ya kila bidhaa. Kwa hivyo vitatu tunaweza kukutengenezea jedwali hili mzigo ukiwa bado kiwandani, ungali na nafasi ya kupunguza mabeseni na kuongeza chaja.