Ankara ya dola 800, akaunti imepokea 770

Wafanyakazi huria tunaowatunzia hesabu hutuletea lalamiko hili mara kwa mara: mteja wa nje anaapa kuwa amelipa ankara yote, lakini fedha zilizoingia ni pungufu. Kwa kawaida hakuna anayedanganya.

Chukua ankara ya dola 800. Kwenye fomu ya benki, mteja huulizwa nani abebe gharama. Akichagua OUR, anazibeba yeye. BEN, unazibeba wewe. SHA, kila mmoja anabeba za upande wake. Asipochagua, mara nyingi inakuwa SHA. Benki yake inamtoza ada ya kutuma nje ya zile 800. Kama benki yake na yako hazina akaunti baina yao, fedha zinapitia benki ya tatu, nayo inakata, tuseme, dola 20. Yako inakata 10 za kupokea. Wewe unaona 770, risiti yake inasema 800.

Ushahidi uko kwenye ujumbe ambao benki hutumiana kupitia mtandao wa SWIFT, uitwao pacs.008, uliochukua nafasi ya MT103 Novemba 2025, ila uombe katika benki yako, kwa sababu nakala ya mteja ilitoka kabla ya makato. Kwenye nakala iliyofika, sehemu ya InstdAmt itaonyesha 800 zilizoagizwa, IntrBkSttlmAmt itaonyesha 780 zilizowasili, ChrgsInf zile 20 zilizokatwa, na ChrgBr itasema SHAR, yaani SHA.

Kwa hiyo ujumbe unaoambatana na ankara tunauandika hivi, kwa lugha ya mteja:

"Jumla ni dola za Marekani 800. Tafadhali tuma kwa dola bila kubadilisha sarafu, na upande wa gharama chagua OUR. Ada za benki yako na za benki za njiani ni juu yako. Ada ya kupokea ya benki yangu ni juu yangu. Ankara itahesabiwa imelipwa pindi dola 800 kamili zitakapofika katika benki yangu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu, maana zipo benki za njiani zinazokata hata mteja akichagua OUR. Ada ya kupokea tunashauri uibebe mwenyewe: unaweza kuiuliza mapema, na mteja hana namna ya kuijua.

Sarafu nayo ina makato yake yasiyoandikwa popote. Dola zikiingia kwenye akaunti ya sarafu ya nyumbani, benki inazinunua kwa bei yake, na OUR haigusi tofauti hiyo. Akaunti ya dola inakuachia uamuzi wa lini na wapi ubadilishe.

Haya yote yakubaliwe kabla kazi haijaanza. Mteja akikataa OUR, ongeza mstari wa gharama za kutuma kwenye ankara, kwa kiasi mlichoafikiana. Na kama kazi ni ndogo ndogo, omba alipe ankara mbili au tatu kwa mkupuo: makato ya njiani kwa kawaida huhesabiwa kwa kila muamala.