King'amuzi si kibovu: mambo ya kuangalia kabla hujanunua king'amuzi na dishi

Mama mmoja alituletea king'amuzi kipya, nailoni bado haijabanduliwa, akakiweka juu ya meza. "Kijana wangu," akasema, "nimeuziwa kibovu." Tukamwuliza kinafanyaje, naye akaeleza vizuri kuliko mafundi wengi tunaowajua. Chaneli kadhaa zinaonyesha bila tatizo. Tatu zinatoa sauti lakini kioo ni cheusi. Mbili zinaandika "Scrambled". Na zile alizozitaka hasa, zilizomfanya anunue, hazimo hata kwenye orodha baada ya kutafuta upya mara tatu.

Tulikichomeka kwenye dishi letu la majaribio, lililoelekezwa setilaiti ileile anayoitumia nyumbani. Kikafanya vilevile. Kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa tu hakilingani na chaneli alizozitaka. Kila dalili aliyoitaja ina sababu yake, na ukizijua sababu hizo utaweza kuchagua king'amuzi ukiwa umesimama dukani.

Tuanze na chaneli ambazo hazikupatikana. Kwenye boksi la king'amuzi chochote kuna maandishi yanayoanza na DVB, halafu herufi, halafu huenda namba. Herufi inakuambia mawimbi yanatoka wapi: S ni setilaiti, kwa hiyo unahitaji dishi, T ni mnara wa ardhini, kwa hiyo unahitaji antena, C ni kebo inayoletwa mpaka nyumbani. Namba 2 maana yake ni kizazi cha pili. Warushaji wengi wamehamia kizazi hicho kwa sababu nafasi ileile ya masafa inabeba vitu vingi zaidi. Kwa setilaiti, DVB-S2 inabeba takriban asilimia 30 zaidi ya DVB-S. Tatizo ni kwamba uelewano ni wa upande mmoja. King'amuzi cha S2 husoma pia mawimbi ya S ya zamani, lakini cha S hakiwezi kusoma S2 hata ukinunua dishi kubwa mara mbili. Hakitakuambia "sielewi" pia. Kitaonyesha ubora sifuri na kupita, kana kwamba hakuna kitu angani. Ndivyo ilivyo kwa antena: boksi la T halisomi T2.

Boksi la yule mama liliandikwa DVB-S. Pembeni kulikuwa na neno "HD" kubwa la rangi ya dhahabu, na hilo ndilo muuzaji alilomwonyesha. HD inahusu ukubwa wa picha. Haikuambii chochote kuhusu aina ya mawimbi yanayopokelewa.

Hapa niongeze jambo kwa wanaoletewa ving'amuzi na ndugu walio ng'ambo. Si dunia nzima inayotumia DVB. Kwa matangazo ya minara, Japani na Brazili wanatumia ISDB-T, na Marekani wanatumia ATSC. Boksi la huko linaweza kuwa zuri na la gharama, ila likifika mahali penye T2 halitapata hata chaneli moja.

Sasa zile chaneli tatu zenye sauti na kioo cheusi. Hapa mawimbi yamepokelewa sawasawa, lakini picha imekunjwa kwa njia ambayo king'amuzi hakijui kuikunjua. Picha ya video ni nzito mno kurushwa ilivyo, kwa hiyo hukunjwa kabla ya kwenda hewani. Njia ya kwanza kuenea ilikuwa MPEG-2, ikaja MPEG-4, ambayo huandikwa pia H.264, na baadaye HEVC au H.265, inayoweza kufikia ubora unaokaribiana kwa karibu nusu ya uzito. Sauti hukunjwa kivyake, kwa njia ambazo hata boksi la zamani huzijua, ndiyo maana unasikia mtangazaji na humwoni. Ukikutana na dalili hiyo usimwite mtu apande juu ya paa. Dishi lako liko sawa. Tafuta king'amuzi chenye H.265.

Dalili ya "Scrambled" ni jambo jingine kabisa. Chaneli hiyo imefungwa, na ufunguo anao kampuni inayoiuza. Boksi lililoandikwa FTA hupokea chaneli za bure tu, na hakuna namna halali ya kulifanya lifungue za kulipia. Anayekuahidi namba za siri za kuingiza kila zinapobadilika anakuuzia usumbufu: kampuni hubadilisha funguo, na wewe unabaki na kioo cheusi mechi ikiwa katikati. Upande wa pili, king'amuzi cha kampuni ya kulipia kwa kawaida kimefungwa kwa kampuni hiyo peke yake. Ukiamua kuhama, boksi huhami nalo.

Kwa hiyo mteja akija kwetu, swali letu la kwanza ni mnatazama nini nyumbani. Andika chaneli tano au sita ambazo familia ingezikosa kweli. Ukiwa na orodha hiyo mkononi, uliza kampuni kifurushi cha chini kabisa kinachozibeba zote ni kipi. Idadi kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo isikuvute, kwani mara nyingi ndani yake kuna redio, chaneli za matangazo ya bidhaa na chaneli moja iliyohesabiwa mara mbili. Kisha uliza swali ambalo wateja wengi hulisahau: kifurushi kikiisha, nini kinabaki? Kwa baadhi ya kampuni chaneli kadhaa za bure huendelea. Kwa nyingine kila kitu kinafungwa mpaka ulipe. Mwenye kipato kisichotabirika anapaswa kulijua hilo kabla ya kununua.

Na kama una televisheni ya pili chumbani, sema mapema. Ving'amuzi viwili haviwezi kugawana waya mmoja wa dishi la kawaida kwa kigawanyio cha bei rahisi. King'amuzi hulipelekea jicho la dishi, yaani kile kifaa kilicho mbele yake kinachopokea mawimbi, umeme wa volti 13 au 18, na kwa volti hizo jicho hujua lichukue mawimbi ya wima au ya mlalo. Viwili vikiagiza tofauti kwa wakati mmoja, mmoja wenu anapoteza chaneli. Linahitajika jicho lenye matundu mawili na waya mbili.

Tumebakiwa na dishi na fundi, na mimi siwezi kuvitenganisha, maana dishi zuri likifungwa vibaya ni bakuli tu. Chaneli za masafa ya Ku mara nyingi hupokelewa kwa dishi la sentimita 60 hadi 90. Za masafa ya C huhitaji lile kubwa, kwa kawaida la futi sita na kuendelea, na jicho la aina yake. Chukua ukubwa unaopendekezwa na kampuni kwa eneo lako, na ukiwa sehemu yenye mvua kubwa chagua lililozidi kidogo, kwa sababu mvua hula mawimbi ya Ku.

Ni kulielekeza ndiko kunakohitaji mkono. Setilaiti iko umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya Ku huona upana wa takriban digrii mbili tu za anga. Ukilikosesha kwa digrii moja, nguvu unayoipata inashuka kama nusu. Na digrii moja ni kiasi gani? Kwenye ukingo wa dishi hilo haifiki sentimita moja. Fundi akikaza nati kwa nguvu bila kushikilia dishi, linaweza kusogea kiasi hicho mbele ya macho yake asione.

Ndiyo maana tunamwambia mteja amtazame fundi anapotazama kioo. Kuna mistari miwili, "Signal Strength" na "Signal Quality". Wa kwanza unapima nguvu ya mawimbi yoyote yanayofika kwenye boksi, na unaweza kusimama asilimia 90 dishi likiwa limeelekea setilaiti isiyo yako. Wa pili ndio wenye kusema kama mawimbi yanasomeka. Fundi anayekuonyesha "Strength" na kuomba hela yake bado hajamaliza kazi.

Kuna jaribio moja tunalifanya kwenye kila kazi, na unaweza kumwomba fundi yeyote alifanye akiwa bado juu. Nati zote zikishakazwa, asukume ukingo wa dishi kwa kidole, taratibu, kulia kisha kushoto, juu kisha chini, mtu akiangalia "Quality" ndani. Ubora ukishuka kila upande, dishi liko kileleni. Ukipanda upande wowote, kuna nguvu imeachwa huko, na hiyo ndiyo itakayokosekana siku ya mvua. Picha ya dijitali haififii polepole kama zamani. Inakuwa safi, safi, halafu ghafla inakatika vipande na kuganda. Kwa hiyo picha safi siku ya jua haithibitishi kazi nzuri. Huenda mko hatua moja kutoka ukingoni.

Angalia pia nguzo na waya. Nguzo ipimwe kwa pimamaji kabla ya dishi kupanda. Waya uwe mzima kutoka juu hadi kwenye boksi, usioungwaungwa, na kabla ya kuingia ukutani uachiwe kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke pale yasifuate waya hadi ndani. Konekta ya nje ifunikwe. Maji yakiingia humo, shaba inapata kutu ya kijani na ile volti 18 inafika juu imepungua. Dalili yake ni ya pekee: chaneli zote za mlalo zinapotea, za wima zinabaki.

Yule mama alirudisha boksi kwa muuzaji akachukua lililoandikwa DVB-S2 na H.265. Zile mbili zilizofungwa aliamua kuziacha. Tulipokwenda kwake kulifunga, tulikuta chaneli za mlalo zinakatika kila jioni. Konekta iliyo nyuma ya jicho ilikuwa imefungwa kwa mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na maji. Tukakata kipande cha waya kilichooza, tukaweka konekta mpya, tukasukuma ukingo wa dishi: kushoto ubora ukapanda kutoka 58 hadi 71. Tukalegeza, tukalisogeza, tukakaza. Kabla ya kuondoka tulimwandikia kwenye karatasi jina la setilaiti, masafa, alama ya H au V, yaani mlalo au wima, na namba ya kasi ya mawimbi inayoandikwa "Symbol Rate" kwenye ukurasa wa kutafutia chaneli, pamoja na ubora tuliouacha siku hiyo, tukaibandika chini ya king'amuzi. Fundi mwingine akija mwaka kesho, ataanza na namba hiyo.