Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Spiriti Lita Tano na Dirisha Moja

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza zilipitia ngazi zote kama utaratibu unavyotaka, na bila shaka zimehifadhiwa mahali pakavu kuliko maabara yangu.

Wiki iliyopita majibu ya ukaguzi wa slaidi yalirudi. Slaidi moja niliyoiandika hasi imesomwa huko juu ikawa chanya: vimelea 34 katika maeneo 100 ya hadubini, yaani 1+. Aliyetoa makohozi yale alikuwa mwezi wa tano wa dawa za kifua kikuu. Chanya mwezi wa tano maana yake tiba imeshindwa, na ilibidi apimwe usugu wa dawa siku ileile. Mimi nilimwambia aendelee vizuri. Akanishukuru, akaondoka.

Barua iliyofuatana na majibu inaniagiza "kuongeza umakini". Naomba nieleze umakini wangu unavyofanya kazi.

Kimelea cha TB kina ukuta wenye nta. Rangi nyekundu ya fuksini haiingii humo kirahisi ikiwa baridi. Ndiyo maana slaidi hufunikwa rangi, ikapitishiwa moto kwa chini hadi mvuke uonekane bila kuchemka, halafu ikaachwa dakika 10. Rangi ikishaingia, hata asidi ya salfuriki ya asilimia 25 ikimwagwa dakika 3 haiitoi, wakati kila kitu kingine kwenye slaidi kinapauka. Kisha bluu ya methilini dakika moja, na chini ya lenzi ya mafuta unaona vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Moto ukiwa hafifu, kijiti hakikushika rangi, asidi inakisafisha pamoja na vingine. Unasoma maeneo 100 kwa macho makini kabisa na huoni kitu.

Spiriti ya taa iliisha miezi miwili iliyopita. Natumia mshumaa. Mshumaa unapaka masizi chini ya slaidi, mvuke unatoka kona moja, kona nyingine bado baridi. Mkaguzi aliipaka rangi upya slaidi ileile kwa moto wa kweli, vijiti vikajitokeza. Labda na mimi nilitandaza makohozi mazito mno. Sikatai, maana siku ile sikupitisha slaidi ya chanya inayojulikana pamoja nayo, na hilo ni kosa langu. Ingetoka imepauka, ningeshtuka. Lakini moto ndio ninaoushuku kwanza.

Sasa dirisha. Tangu maboksi ya vyandarua yahamishiwe chumbani kwangu, dirisha la pekee limezibwa. Mliahidi "wiki mbili". Sikukuu ya Idi imepita mara mbili. Badala yake nililetewa feni ya mezani, nashukuru, ila feni ndiyo kitu cha mwisho cha kuweka pale. Hewa inatakiwa itoke mgongoni kwangu, ipite juu ya sampuli, itokee dirishani. Feni inachukua vitone vinavyoruka ninapofungua kopo na kunisukumia usoni, kisha koridoni walikokaa akina mama na watoto wa kliniki. Nimeizima. Bila hewa, slaidi ambayo ingekauka kwa robo saa inakaa karibu saa nzima, nami nimekaa nayo. Siwezi kuiharakisha kwa moto, kwa sababu makohozi mabichi yakipashwa yanarusha vitone. Hata ikikauka na kupitishwa kwenye moto mara tatu, si vimelea vyote vilivyokufa.

Pia nimepokea maboksi mawili ya barakoa za upasuaji. Hizo humkinga mgonjwa na mate yangu. Chembe ninazovuta mimi hazichuji vya kutosha.

Ninachoweza kukifanya bila bajeti nakifanya. Wagonjwa wanakohoa nje chini ya mwarobaini, si chooni wala chumbani kwangu. Natandaza kwa kijiti cha mti kilichovunjwa ncha, natumia kimoja kwa kila sampuli na kukitumbukiza kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu kitanzi cha waya kikiingizwa motoni na makohozi kinatapika. Slaidi ni mpya kila mara. Iliyooshwa inaweza kubaki na vijidudu vya mtu wa jana.

Mwenzangu niliyekuwa naye chumba hiki anameza dawa sasa, mwezi wa tatu. Siwezi kuthibitisha alipoupata. Mimi nimeanza kukohoa Jumatatu. Nimejipima mwenyewe, kwa mshumaa, ikatoka hasi. Utaniwia radhi nisipoyaamini majibu hayo.

Yule mgonjwa wa mwezi wa tano tunamtafuta, simu yake haipatikani.

Naomba spiriti, lita tano tu. Na maboksi yaondoke dirishani. Hata kama spiriti itachelewa, maboksi hayahitaji fedha, yanahitaji watu wawili na asubuhi moja. Yaondoke dirishani, tafadhali.

Wako katika utumishi,
Mtaalamu wa maabara, kituo cha afya unachokifahamu