Riwaya za mapenzi: kufanana si kosa lake

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya vitabu amezibeza riwaya za mapenzi kwa kuziita "hadithi moja yenye majalada elfu". Zinafanana, hilo halina ubishi. Ila kufanana huko kumepangwa, na ndiko kunakoziuza.

Chukua Mills & Boon, vile vitabu vyembamba vinavyojaa kwenye meza za mitumba Nairobi na Dar es Salaam. Kampuni ilianzishwa London mwaka 1908, na mwaka 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Mwaka huohuo Harlequin ikampata mkuu mpya, Lawrence Heisey, aliyetoka kwenye biashara ya sabuni. Yeye hakuona sababu ya kumngoja mnunuzi kwenye duka la vitabu. Alivipeleka vitabu supamaketi, mahali ambapo wanawake walikuwa wakinunua mahitaji ya nyumbani, na vingine vikatolewa bure ndani ya pakiti za sabuni ya unga. Vilipangwa kwa mifululizo, kila mfululizo na rangi yake na namba zake, matoleo mapya kila mwezi. Anayependa matajiri wenye kiburi anaujua mfululizo wake, na anayependa madaktari na wauguzi anaujua wake. Hanunui jina la mwandishi, ananunua uhakika: kurasa mia mbili hivi, mapenzi ndiyo kiini, na mwisho wapendanao watakuwa pamoja. Anayevimaliza viwili wikiendi hii atarudi mwezi ujao, jambo ambalo riwaya nzito haiwezi kulitegemea.

Kinachodharauliwa na wengi ni upande wa pili wa mpango huo. Kitabu hukaa rafuni kwa muda wa mwezi hivi, kisha kinapisha kingine, na visivyouzika husagwa. Mwaka 2003 Uingereza ilipojenga barabara ya kulipia ya M6, takribani nakala milioni 2.5 za Mills & Boon zilizosagwa zilichanganywa kwenye tabaka la juu la lami. Watu walicheka sana. Lakini kusaga masalio ni desturi ya biashara nzima ya vitabu, hata vya wenye tuzo.

Nani anasoma? Wengi ni wanawake, na si wale wapumbavu wa mapenzi tunaochorewa. Mtafiti Janice Radway aliwahoji wasomaji wa mji mmoja wa Marekani, akachapisha kitabu chake mwaka 1984. Wengi walikuwa wake na akina mama, na walimweleza kwamba kitabu kikiwa mkononi, watoto na mume wanajua huu ni muda wa mama. Tena walikuwa wakali: kitabu chenye mwanamume mkatili au mwisho wa huzuni walikikataa. Radway mwenyewe hakuwasifu tu. Aliona kwamba starehe hiyo huwafariji bila kuigusa ndoa inayowachosha, na hiyo ni hoja nzito kuliko kejeli ya mwandishi wenu.

Kuna lawama nyingine za haki. Riwaya nyingi za kihistoria za Marekani za miaka ya 1970 zilimfanya mbakaji kuwa mpenzi, na wasomaji wenyewe ni miongoni mwa waliolipinga jambo hilo. Rangi nayo: kwa miaka mingi mhusika mkuu mwanamke mweusi hakuonekana, hadi wahariri kama Vivian Stephens, Mmarekani mweusi aliyekuwa kampuni ya uchapishaji ya Dell, walipoanza kuwatafuta waandishi weusi karibu na mwaka 1980.

Lakini kosa la ufundi analopaswa kulitafuta mhakiki ni la kikwazo. Kwa kuwa mwisho unajulikana, mvuto wote uko kwenye kinachowatenganisha wapendanao. Wanakutana mapema, wanakaribiana, na kwenye robo ya mwisho yote yanavunjika. Kipimo ni rahisi: wakikaa chini na kuambiana ukweli kwa dakika tano, ugomvi unakwisha? Kama unakwisha, mwandishi amekuwa akijaza kurasa. Mfano, msichana anamwona mchumba wake amemkumbatia mwanamke mwingine, anakimbia, na kumbe yule ni dada yake. Hicho ni kikwazo cha nje, neno moja linakiondoa. Sasa chukua mwanamke ambaye mama yake alinyang'anywa nyumba baada ya kuandika kila kitu kwa jina la mume, kisha mpenzi anayemwamini anamwomba waunganishe maduka yao. Hapo maneno hayatoshi. Lazima mmoja abadilike, au waandikishiane mkataba, na msomaji anasoma ili ajue watafanya nini.

Hadithi za mapenzi zinazouzwa leo sehemu baada ya sehemu kupitia WhatsApp, za kwanza bure na zinazofuata kwa malipo ya simu, huangukia hapohapo. Mwandishi anaongeza sehemu kwa sababu zinalipa, na ile dakika tano ya kuzungumza inacheleweshwa wiki baada ya wiki. Mwandishi wenu angekuwa na kazi nzuri huko, akipenda kuzisoma kwanza.

Wasalaam,
Muuza vitabu, Dar es Salaam