Mjukuu yuko JKT, pesa yangu inaendelea kukatwa

Mwanangu Mhariri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 68, mjane, naishi Temeke na asubuhi nauza vitumbua na chai mbele ya nyumba. Naomba ushauri juu ya pesa inayokatwa kwenye simu yangu kila mwezi. Nitaeleza kwa urefu, maana kila ninayemweleza kwa ufupi ananijibu, "Bibi, si ufute tu hiyo programu." Niliifuta zamani.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeko Morogoro, alimaliza kidato cha sita mwezi Mei, akaja kukaa kwangu akingoja kuripoti JKT. Televisheni yangu ilikuwa imepasuka kioo tangu Ramadhani na jioni nilikuwa nakaa tu. Akasema, "Bibi, tamthilia zako utaziona humu humu kwenye simu." Tarehe 24 Mei akaniwekea. Alishika simu yangu kama nusu saa, akanipa mara moja niweke namba ya siri ya kutumia pesa, nikaweka. Akaniambia mwezi wa kwanza ni bure, na kabla haujaisha ataifunga mwenyewe. Hata bando la wiki ya kwanza alininunulia yeye, kwa pesa aliyopewa ya nauli. Nayaandika haya ili ujue kwamba mtoto huyu hakuwa na nia mbaya.

Wiki ya kwanza ya Juni akaondoka kwenda kambini, mkoa wa Kigoma. Alipitia Morogoro kumuaga mama yake, akamwachia simu, kwa kuwa kule kambini vijana hawaruhusiwi kukaa nayo. Basi huo mwezi wa bure uliisha yeye akiwa kuruta.

Tarehe 24 Juni ukaingia ujumbe kwamba nimelipa shilingi 21,140, na jina la aliyelipwa ni la Kizungu. Nilidhani ni tozo. Niliandika kwenye daftari langu, kwa sababu huwa naandika kila kinachoingia na kutoka, halafu nikampelekea wakala wa hapa mtaani anisomee. Akasema, "Bibi, hii ni ile ya tamthilia."

Nikapanda daladala hadi Kariakoo kwa fundi simu. Kijana yule aliifuta programu mbele ya macho yangu. Akafungua na Play Store, akabonyeza ile picha ya juu pembeni, akaingia palipoandikwa Subscriptions, hakukuta kitu. Akaniambia imekwisha, na kama ikirudia nilete simu aiflashi kwa shilingi 30,000. Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Kwa usalama zaidi, Julai mwanzoni nikabadilisha namba ya siri.

Aliyenifumbua macho ni yule yule wakala. Aliniuliza kama mjukuu alitengeneza kadi. Nikamwambia kadi sina, sijawahi kushika kadi ya benki maishani. Akaingia kwenye menyu ya pesa, akanionyesha: kumbe ndani ya simu kuna kadi isiyoshikika, ni tarakimu 16 tu, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za usalama, nayo inavuta moja kwa moja kwenye salio langu. Namba yangu ya siri ilitumika siku ile ya kuitengeneza. Baada ya hapo wenye tamthilia walishapewa zile tarakimu, wameziweka kwenye vitabu vyao huko waliko, na tarehe ikifika wanavuta wenyewe. Hawapigi hodi. Ndiyo maana kubadilisha namba ya siri hakukusaidia, na kuiflashi simu kungenipotezea shilingi 30,000 bure, maana malipo yenyewe hayakai ndani ya simu. Kufuta programu ni sawa na kutoa redio nje ukaacha deni dukani.

Na kwa nini fundi hakukuta kitu kule kwenye Play Store? Kwa sababu mjukuu hakujiunga kwa kupitia pale. Alijiunga kwenye tovuti ya wenye tamthilia, akatumia barua pepe yake yeye, kwa kuwa mimi sina. Kwa hiyo kwenye vitabu vyao mteja ni yeye, na mlipaji ni mimi.

Sasa niseme lililonifanya nikose usingizi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko akina mama 22, na hiki ni cha mwaka wa tisa. Wengi hununua hisa kwa kutuma kwenye simu yangu Jumamosi, kisha Jumapili natoa kwa wakala, tunahesabu mbele ya wote, inaingia kwenye sanduku la kufuli tatu. Tarehe 23 Julai nilitoa pesa yangu yote kwenye simu, nikabakiza shilingi 300, ili wakija wasikute kitu. Kesho yake ukaja ujumbe kuwa muamala umeshindikana, salio halitoshi. Keshokutwa yake ukaja mwingine kama huo. Nilishukuru, nikajua wamekata tamaa. Sikujua kwamba wakikosa hujaribu tena, na tena.

Jumamosi hisa zikaingia, shilingi 184,000 kwa hesabu ya daftari. Jumapili nilipofika kwa wakala salio halikutosha. Usiku ule wamevuta 20,890.

Mwanangu, sijawahi kupungukiwa hata shilingi mia kwenye sanduku lile. Niliomba mwenyekiti anisubiri kidogo, nikarudi nyumbani, nikachukua pesa niliyokuwa nimeweka ya mchele na nazi za wiki, nikajaza. Akina mama hawakujua. Lakini siku nne sikupika vitumbua, na kila mmoja aliyepita akaniuliza, "Mama, unaumwa?" nikamjibu ni mafua. Nimewaambia uongo wenzangu wa miaka tisa. Hilo linaniuma kuliko ile pesa. Na angalia pia kiasi chenyewe: mwezi wa kwanza 21,140, wa pili 20,890. Wakala anasema bei yao iko kwa dola, kwa hiyo shilingi inapanda na kushuka kila mwezi. Hata nikitaka kuwatengea pesa yao pembeni siwezi kujua watavuta ngapi.

Nilikwenda kwenye duka la huduma kwa wateja la kampuni ya simu. Nilipanga foleni tangu saa tatu hadi saa sita. Binti aliyenihudumia alikuwa na heshima, alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema wao hawawezi kufuta usajili wa mjukuu kule kwenye tamthilia, hiyo ni nyumba ya watu wengine. Wanachoweza ni kuifunga kadi, na ikifungwa haitavutika tena. Kuhusu kurudishiwa pesa, aliniuliza kama nina ushahidi wowote kwamba tuliomba kufuta usajili wakaendelea kukata. Sina, kwa sababu hatukuomba. Tulifuta programu tu, na wenye tamthilia hawahesabu kwamba umejitoa. Aliniambia nisiporidhika na jibu lao naweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, kwamba wana dawati la wateja wa huduma za fedha, ila lazima niwe nimeanza kwao kwa maandishi. Nimeandika, nimegongewa muhuri, nakala ninayo.

Kadi sikuifunga siku ile, na hapa ndipo ninapohitaji akili yako. Nilimuuliza, nikiifunga, kule kwenye vitabu vyao mjukuu atahesabiwa amejitoa? Akasema hapana, usajili utabaki wazi mpaka wenyewe waukatishe kwa kukosa malipo, au mwenye barua pepe aingie akaufute. Nikaogopa. Sisi tumezoea kwamba asiyelipa anadaiwa. Mtoto huyu anatarajia kwenda chuo mwaka huu huu, sitaki aanze maisha na jina lake kwenye orodha ya wadaiwa.

Binti yangu ana njia yake. Amekasirika sana, anasema mwanawe ameiba, tumegombana kwenye simu juu ya neno hilo. Anasema: simu ya mtoto iko kabatini Morogoro, imefungwa kwa mchoro asioujua, lakini laini iko ndani. Tuitoe ile laini tuiweke kwenye simu yangu. Kisha kwenye barua pepe tubonyeze kwamba tumesahau neno la siri, namba za uthibitisho zitaletwa kwa ujumbe kwenye laini yake, tuingie. Tukishaingia kwenye barua pepe, kwenye tamthilia tunafanya vivyo hivyo, tunafuta usajili, na tunapata barua ya kuthibitisha kwamba umefutwa. Wakala anasema inawezekana kabisa. Na ile barua ndiyo ushahidi nilioulizwa dukani, ingawa kwa pesa itakayokatwa baada ya hapo tu, si kwa hii iliyokwisha kwenda.

Lakini barua pepe ni barua. Nilipokuwa msichana barua ya mtu hata ikija imefunguka huisomi, unaikunja unampa. Kijana ana miaka 19, humo ndani kuna mambo yake, pengine na ya msichana, na mama yake akishaingia kwa hasira zile hatasoma ya tamthilia peke yake. Tena akirudi akakuta neno lake la siri limebadilishwa, atajua bibi yake alikuwepo.

Kuna na kijana mmoja wa kundi la WhatsApp la mtaa aliyesema atanifutia yeye, nimtumie tu tarakimu za kadi, zote pamoja na zile tatu. Huyo nilimkatalia. Wengine wananiambia nitupe laini nichukue mpya. Namba hii ninayo tangu mume wangu yuko hai, wateja, kikoba na ndugu wa Rufiji wote wananipata kwayo. Siitupi.

Basi naomba unijibu kabla ya tarehe 24 Agosti. Nikiifunga kadi leo, je, kweli mjukuu wangu anaweza kudaiwa na watu wa tamthilia, au wao wakikosa kuvuta huacha tu? Kama hakuna deni, nitaifunga asubuhi hiyo hiyo na kumngoja atoke kambini aufute usajili kwa mkono wake. Kama deni lipo, je, nimruhusu binti yangu aingie kwenye barua pepe ya mtoto, na kama ni hivyo, nikae naye namna gani ili asisome zaidi ya lile moja? Na la mwisho, akina mama wa kikoba niwaambie kilichotokea Jumapili ile, au kwa kuwa pesa yao ilitimia ninyamaze?

Ni mimi,
Bibi wa Vitumbua, Temeke, Dar es Salaam