Tailizi zako zinakuja kwa awamu mbili: kwa nini arbuni haikatwi yote mara ya kwanza

Lalamiko hili halituishi. Mteja ameagiza tailizi za nyumba nzima, ameletewa sehemu tu, na akiangalia ankara anakuta arbuni yake imekatwa nusunusu. Anaona kapigwa. Tuichambue oda moja mpaka mwisho.

Nyumba iko Morogoro, ghala letu liko Dar. Sebule, sehemu ya kulia na korido zimeungana, jumla mita za mraba 130. Vyumba vya kulala ni vitano, kila kimoja mita 18. Tailizi ni za 60 kwa 60. Katoni ina vipande vinne, sawa na mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, sebule na korido zinataka katoni 100, kila chumba katoni 14. Jumla 170.

Ghalani zipo 118 za toni moja. Nyingine zinasubiri kontena linalofuata, na hizo zilichomwa kiwandani kwa mkupuo mwingine. Jina ni lilelile na picha ni ileile, lakini namba ya toni iliyopigwa ubavuni mwa katoni inaweza kuwa tofauti, na ya kaliba pia. Toni ni rangi. Kaliba ni kipimo halisi cha kipande baada ya kuchomwa.

Hapo ndipo mteja hutuambia, "Jazieni na zozote zilizopo, fundi ananisubiri." Hatufanyi hivyo. Kaliba zikipishana milimita moja tu, baada ya vipande kumi mstari umehama sentimita nzima, na fundi hana misalaba ya kutenganisha vipande inayoweza kuficha hilo. Toni nayo haionekani chini ya taa ya dukani. Huonekana asubuhi jua likipiga sebuleni, gundi ikiwa imeshakauka. Kubandua ni kuvunja, na tailizi iliyokwisha kubandikwa hairudishwi. Unalipa tailizi upya, gundi upya na ufundi upya. Ukitaka kuhakikisha, panga vipande vinne kutoka katoni tofauti sakafuni, mchana, kabla ya kuchanganya gundi.

Kwa hiyo tunagawa kwa vyumba, hatugawi kwa asilimia. Awamu ya kwanza ni katoni 114: sebule na korido kamili, pamoja na chumba kimoja. Nne zinazobaki ghalani hatuzihesabu kwenye oda, maana chumba cha pili kingeanza na toni moja na kumalizia na nyingine. Tunakushauri uzinunue kama akiba ya kiraka, kwa ankara yake, kwa sababu toni hiyo ikiisha huenda usiipate tena. Awamu ya pili ni katoni 56, vyumba vinne kamili. Milango ndiyo inayotenganisha toni, na hakuna atakayeona.

Katoni moja ina uzito wa karibu kilo 30, hivyo mzigo wa kwanza ni kama tani tatu na nusu na wa pili haufiki tani mbili. Upungufu ukiwa wetu, gari la pili ni juu yetu. Ukiomba wewe tugawe kwa kuwa saiti haijawa tayari, gari la pili ni lako.

Sasa pesa. Katoni ni shilingi 36,000, VAT ikiwa ndani, na bei ya profoma haibadiliki kwa awamu ya pili hata kontena jipya likija ghali. Oda nzima ni 6,120,000. Arbuni ya asilimia 30 ni 1,836,000, nayo ilipopokelewa ilitolewa risiti ya EFD. Ankara ya kwanza ni 4,104,000. Inakatwa arbuni 1,231,200, unalipa 2,872,800. Ya pili ni 2,016,000. Inakatwa 604,800, unalipa 1,411,200. Risiti ni tatu, na ukizijumlisha unarudi kwenye 6,120,000 bila shilingi kuzidi.

Wengine huomba risiti moja ya mzigo wote gari la kwanza linapoondoka, ili wafunge hesabu zao. Risiti hiyo ingesema katoni 170 wakati garini zipo 114, na gari la pili lingesafiri na karatasi ya tarehe ya zamani. Dereva akisimamishwa, maelezo yanakuwa marefu. Kila gari linaondoka na ankara yake na hati ya makabidhiano yenye idadi, toni na kaliba. Hesabu na usome namba hizo kabla ya kusaini.

Na ile 604,800 hatuikati mapema kwa sababu ndiyo inayoshikilia katoni zako 56 zisiuzwe kwa mtu mwingine. Kontena lisipofika ndani ya muda ulioandikwa kwenye profoma, una hiari: usubiri, au urudishiwe yote.