Swali la Majimaji lililokatikia njiani

Lindi

Mama Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Newala. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatutafuta. Picha za ile karatasi ya mtihani wa historia zimefika na nimezisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Unasema mwenzako kampa mtoto 6 kati ya 15, kisha kiongozi wa jopo lenu la usahihishaji akataka apewe 12 "kwa sababu anaonekana anajua". Mimi nimepata 9. Nikueleze nilivyofika hapo, kisha upinge ukitaka.

Swali linataka sababu sita za wapiganaji wa Majimaji kushindwa na Wajerumani. Mwongozo wenu unagawa hivi: utangulizi alama 1½, hoja sita kwa alama 2 kila moja, hitimisho 1½. Ndani ya hoja kuna kutaja ½, kufafanua 1, mfano ½. Mkishagawa hivyo, habari ya "hakumaliza" haina tena mahali pa kukaa. Unafuata tiki zako na kuzijumlisha, basi.

Utangulizi wake umekamilika: vita vya 1905 hadi 1907, vilianzia Umatumbi, chanzo chake kulazimishwa kulima pamba. Hiyo ni 1½. Hoja ya kwanza ni silaha. Kaeleza mikuki na magobole machache mbele ya bombomu, akaleta mfano wa Mahenge, ambako maelfu walirudishwa nyuma na bombomu mbili tu. Hizo 2 hazina mjadala. Hoja ya imani ya maji kaifafanua vizuri lakini hakuweka mfano, 1½. Ya tatu, kutoungana kwa makabila yote, kaitolea mfano wa Wahehe ambao hawakujiunga, 2. Hapo ana 7 tayari, na sijagusa sehemu iliyokatika. Ndiyo maana ile 6 ya mwenzako siielewi. Nadhani alitazama ukurasa ulioachwa mtupu, akaona mapengo, akatoa alama kwa jicho. Halafu hitimisho halipo, kwa hiyo 1½ imekwenda yenyewe; ukikata tena kwa sababu "insha haijakamilika", umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja.

Sasa tuje kwenye hoja ya nne, yenye kazi kweli. Kaandika: "Njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula ili watu wa", kisha wino unakatika. Kutaja ni ½, hilo wazi. Kwenye kufafanua ndiko mkono unapoteleza, maana mimi na wewe tunajua sentensi ilikuwa inaelekea wapi na kichwani tunaimalizia: ili watu wa vijijini wakose chakula, wapiganaji wadhoofike, wajisalimishe. Hayo ni maneno yetu, hayamo kwenye karatasi. Lakini pia usimnyang'anye kilichomo. Neno "njaa" liko mbele na kuchoma maghala kuko nyuma yake, kwa hiyo uhusiano wa chanzo na tokeo upo hata kama sentensi haina mwisho. Nimempa nusu ya ufafanuzi. Nusu ya pili ilitaka aseme njaa iliwavunjaje wapiganaji, na hakusema. Mfano hakuna. Jumla ya hoja hiyo ni 1, na sasa ana 8.

Chini kabisa, kwa mwandiko uliolala kama nyasi baada ya mvua, kuna orodha: "5. Viongozi kuuawa. 6. Uhaba wa silaha. 7. Wajerumani kuleta askari toka nje." Halafu "muda umeisha mwalimu", ambayo nimeisikitikia lakini haina alama.

Ya tano ni kutaja, ½. Angeongeza tu kwamba Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, angepata na mfano. Ya sita nimeiacha. Najua utasema uhaba si sawa na udhaifu wa silaha, na ni kweli, ila rudi kwenye hoja ya kwanza: magobole "machache" ameshayasema pale na ameshalipwa. Ya saba ikanifikirisha. Mwongozo unasema zihesabiwe hoja sita za kwanza, na hii ina namba saba. Lakini ile sheria iliwekwa kumzuia mtoto anayemwaga hoja kumi ili umchagulie zilizo sahihi. Huyu hajamwaga, amejirudia mara moja tu kwa haraka. Ukiondoa lililorudiwa, hii ndiyo hoja yake ya sita. Nikampa ½, na 9 ikatimia.

Kiongozi wenu wa jopo anakadiria ambacho mtoto angeandika angepata dakika kumi zaidi. Mwambie achukue karatasi ya mtoto mwingine wa darasa hilohilo, aliyeandika hoja zote sita, kila moja mstari mmoja na nusu, bila mfano hata mmoja. Huyo anapata kama 1 kwa kila hoja, jumla 6, na ukiongeza utangulizi na hitimisho vyote ni 9. Mmoja alichimba akaishiwa muda, mwingine alipita juu juu akamaliza. Kila mmoja kalipwa alichoandika. Ukimpa wa kwanza 12, yule wa pili unamwambia nini akija na karatasi yake mkononi?

Vilevile msimwonee huruma kwenye orodha mkampa 1 kwa kila kutaja. Leo utaona ni mambo madogo, lakini mkishafanya hivyo, atakayeorodhesha hoja sita tupu kwa dakika mbili atalingana na huyo wa mstari mmoja na nusu. Kama kutaja ni ½, basi ibaki ½ kwa aliyekuwa na haraka na kwa asiyekuwa nayo. Na nusu zisikusanywe kuwa moja kabla ya kufika mwisho wa swali. Ziandike pembeni mwa kila hoja ili anayehakiki aone kila moja imetoka wapi.

Kwamba alikatishwa na muda sina shaka. Swali hili kalifanya la mwisho, mwandiko umebadilika kwenye hoja ya nne, na hayo aliyoyaorodhesha ni ya mtu mwenye mambo kichwani. Ila hilo halibadilishi alama, linabadilisha utakachomwambia. Nimetazama picha zile nyingine: swali la alama 10 kalijaza kurasa nne. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unampa dakika 27 kwa swali la alama 15, na 18 kwa la alama 10. Mwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi yake mwenyewe, na umwambie siku nyingine akiona dakika tano zimebaki, aache hoja anayoiandika, ataje zote zilizobaki na aweke hitimisho la mistari miwili. Hapa mistari hiyo ingeweza kumpa hadi 1½, zaidi ya orodha yake yote.

Kama jopo litakaa tena, naomba unitumie mwongozo wenu wa swali la tano. Ule mgawanyo wa alama za ramani sikuupenda.

Msalimie Zuhura, na umwambie Baba yake korosho alizoahidi bado nazisubiri.

Ni mimi wako,
Mama Rehema